Picha ya pasi yangu ilirudishwa, nikakasirika

Wiki mbili zilizopita nilikuwa natafuta nyumba ya kupanga huku niliko. Karani wa ofisi inayosimamia nyumba hizo akaniomba nakala ya pasi ya kusafiria. Nikafanya nilivyozoea tangu nyumbani: nikaifungua pasi mezani, nikapiga picha ukurasa mzima, nikaituma kwa barua pepe. Hazikupita dakika kumi, jibu likaja. Ameifuta picha yangu. Anaomba nifunike namba ya pasi na mistari miwili ya chini, niandike juu ya picha kwamba ni nakala kwa ajili ya ofisi yao, niweke na tarehe, ndipo niitume upya.

Nilikasirika. Nilidhani ananizungusha kwa sababu ni mgeni. Nikampigia, akanieleza kwa upole kwamba anachotaka ni kuhakikisha anayesaini mkataba ni mimi, na kwa hilo jina na sura vinamtosha. Namba hana kazi nayo, na kitu asicho na kazi nacho hataki kikae kwenye kompyuta yake, maana siku kikivuja atakayeulizwa ni yeye.

Hayo maneno ya mwisho hayajanitoka kichwani. Huku anayepokea picha ndiye anayejiona kabebeshwa mzigo. Kwetu picha ya kitambulisho ikishatua kwenye simu ya mtu inakuwa kama salamu. Inakaa humo miaka, simu inauzwa, inapewa mtoto achezee, na aliyeituma alishasahau kwamba aliituma.

Najua mtakaoniambia, "Umekaa huko miaka michache, sasa unatufundisha kutumia simu." Sifundishi mtu. Mimi mwenyewe ndiye niliyerudishiwa picha, tena nikiwa na umri huu. Na uaminifu wa kwetu naupenda na unanikosesha usingizi kwa upweke wa huku: kwamba mtu anaweza kumwambia binamu yake "nitumie kitambulisho chako nikufuatilie ile karatasi," na karatasi ikapatikana. Ninachogombana nacho ni picha inayobaki nyuma baada ya karatasi kupatikana.

Kwanza hiyo mistari ya chini, maana nilipoambiwa niifunike sikuelewa kwa nini. Nilidhani ni mapambo. Chini ya ukurasa wenye picha, kila pasi ina mistari miwili ya herufi na tarakimu, kila mmoja una nafasi 44, umejaa alama kama mishale. Imewekwa isomwe na mashine. Huu hapa mstari wa pili wa pasi ya mfano, ya nchi isiyokuwepo, inayotumika kuonyesha utaratibu wenyewe:

```
L898902C36UTO7408122F1204159ZE184226B<<<<<10
```

Herufi na tarakimu tisa za mwanzo, `L898902C3`, ndiyo namba ya pasi. Inafuata 6, tarakimu ya kuhakiki tu. `UTO` ni nchi. `740812` ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka 1974, mwezi wa 8, tarehe 12. `F` ni mwanamke. `120415` ni siku pasi inapokwisha, na hiyo `ZE184226B` ni namba binafsi ya mwenye pasi. Kwa hiyo mtu anayefunika namba ya pasi pale juu kulia na kuiacha mistari hii hajafunika kitu. Vitambulisho vingi vya kadi navyo vina mistari ya namna hiyo, kwa kawaida mitatu na upande wa nyuma, ndiyo maana picha ya "nyuma tu" nayo si salama.

Sasa ya nyumbani. Jumapili iliyofuata mpwa wangu alikuwa anachangiwa ada. Mtu kwenye kundi la ukoo akamwandikia, "Weka namba ya akaunti tutume." Kijana akaweka picha mbili za kadi yake ya benki, mbele na nyuma. Kundi lina watu zaidi ya sitini, wengine sijawahi kuwaona, wengine walishabadilisha namba na sijui namba zao za zamani sasa anazo nani.

Nikampigia badala ya kuandika pale, kwa sababu ukiandika kundini "futa hiyo kadi" unawaamsha hata waliokuwa hawajaiona.

"Mjomba, mbona nimefunika," akasema. Na kweli, kidole gumba kilikuwa juu ya tarakimu mbili za katikati.

Nikamwambia achukue kalamu tuhesabu. Namba ya kadi yake ina tarakimu 16. Mbili zikifichwa, mtu atafikiri kuna namba 100 za kubahatisha. Lakini tarakimu ya mwisho ya kadi haiwekwi ovyo, inakokotolewa kutokana na zile 15 zilizotangulia, na kanuni yake inajulikana na kila mtu. Ukiipitisha kanuni hiyo kwenye zile 100, zinabaki 10. Kumi tu. Mtu mwenye nia mbaya anazijaribu kabla chai haijapoa. Ndiyo maana risiti nyingi huonyesha tarakimu nne za mwisho peke yake na kuficha zilizobaki.

Na hata hesabu hiyo haikuhitajika sana, kwa sababu picha ya nyuma ilionyesha zile tarakimu tatu za usalama, na ya mbele ilionyesha mwezi na mwaka wa kadi kwisha. Namba, tarehe ya kwisha na tarakimu tatu: hivyo vitatu vinatosha kununua kitu mtandaoni kwenye duka lisilouliza namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye simu. Maduka mengine huuliza, mengine hayaulizi. Linaloniuma zaidi ni kwamba hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichohitajika. Ili utumiwe hela kwenye akaunti, unatoa jina lako, jina la benki na namba ya akaunti. Namba ya kadi ni kitu kingine kabisa. Kadi ni ya kutolea hela.

Tulifanya mambo kwa mpangilio huu. Alifuta picha zote mbili kwa wote papo hapo, kwa sababu WhatsApp inakupa takriban siku mbili tu za kufuta kwa kila mtu, baada ya hapo unajifutia mwenyewe. Halafu, bila kungoja kuona kama hela itapungua, akapiga simu benki kwa namba iliyochapishwa nyuma ya kadi, akaomba kadi ifungwe na itolewe nyingine yenye namba mpya. Akaunti yake ilibaki ileile, ada ikaendelea kuingia. Nikamwambia pia akipigiwa na mtu anayejiita wa benki na kumsomea tarakimu za kadi ile, asiamini. Aliyeiona picha anazo, na kuzisoma kwa sauti ya kiofisi si ushahidi wa chochote.

Hapo kuna mtu atasema, "Kadi imefungwa, yameisha, mbona hotuba ndefu?" Kwa kadi, sawa, yanaisha. Kadi hubadilishwa. Ndiyo maana kitambulisho kinanitia hofu kuliko kadi. Tarehe ya kuzaliwa haibadilishwi. Sura haibadilishwi. Picha nzuri ya kitambulisho, mbele na nyuma, ndiyo anayoihitaji mtu anayetaka kusajili laini au kukopa kwa jina lako, na wewe unalijua deni siku unapodaiwa.

Kufunika nako kuna njia zake. Wengi huchukua ile kalamu nyeusi ya kwenye simu na kupaka juu ya namba. Nyingine ya kalamu hizo ni ya kung'ariza, wino wake unapitisha mwanga. Mtu akiongeza mwangaza wa picha, namba inachomoza. Jaribu mwenyewe kabla hujatuma: fungua picha uliyopaka, pandisha mwangaza hadi mwisho, uone. Kutia ukungu pia usikuamini, tarakimu ni kumi tu na maumbo yake yanajulikana. Kisanduku cheusi ndani ya faili la PDF mara nyingi kimewekwa juu tu, na kilicho chini bado kipo, mtu anakisogeza.

Mimi sasa nafanya jambo rahisi kuliko yote hayo. Nakata kipande cha karatasi, nakiweka juu ya namba na kingine juu ya ile mistari ya chini, ndipo napiga picha. Kamera haikukiona, kwa hiyo hakimo kwenye picha, hakuna ujanja wa kukirudisha. Kisha naandika kwa herufi kubwa kukatiza ukurasa, maneno yakipita juu ya uso na juu ya jina: nakala ni ya nani, ya kazi gani, tarehe gani. Yakiwekwa pembeni yanakatwa kwa sekunde moja.

Haiwezekani kila mahali, nakubali. Benki inayokufungulia akaunti na ubalozi unaokupa viza watataka ukurasa mzima bila karatasi juu yake. Basi uwape kwa njia yao rasmi, si kwa simu binafsi ya mfanyakazi. Lakini fundi, mwenye nyumba, mwajiri wa kibarua cha wiki moja, huyo muulize anahitaji nini hasa pale. Mara nyingi anahitaji kukiona tu, na kukiona mkiwa ana kwa ana hakuachi nakala.

Jumatatu jioni shangazi akanipigia. Yeye ni mtu mzima na simu yake ni ya kurithi kwa wajukuu.

"Mwanangu, ile kadi ya mtoto mlisema mmeifuta. Mbona mimi ninayo kwenye picha zangu?"

Alikuwa nayo kweli. Simu yake ilikuwa inahifadhi yenyewe kila picha inayoingia WhatsApp, na kufuta kwa wote hakukuifikia nakala hiyo. Tukaanza pamoja, polepole, yeye akinisomea anachokiona. Akaifuta kwenye picha. Nikamwambia bado, nenda kwenye pipa la taka, kwa sababu kwenye Google Photos picha iliyohifadhiwa mtandaoni hukaa humo siku 60 kabla haijaondoka, na kwenye iPhone siku 30. Akaifuta na humo. Mwisho tukazima ile hali ya kuhifadhi picha zenyewe.

Nikadhani tumemaliza. Akanyamaza kidogo, nikasikia anapitisha kidole.

"Mwanangu, na hivi vitambulisho vya watu vingine? Kuna cha marehemu mjomba wako, kuna cha yule dada aliyekuwa ananisaidia kazi, na hiki cha mwanamume sijui hata ni nani."

Tukakaa kwenye simu saa nzima, tukivifuta kimoja kimoja.