Brioshi ikichelewa kuumuka, usiongeze hamira

Wanaoanza kupika brioshi, ule mkate wa Kifaransa wa mayai na siagi, hulalamikia jambo moja: saa nzima imepita na donge bado limelala. Ushauri wanaopewa mara nyingi ni kuongeza hamira. Mimi naupinga.

Chukua unga gramu 500. Mkate wa kawaida ungehitaji maji kama gramu 300. Brioshi inatiwa mayai 6, ambayo bila maganda yana uzito kama huo, ila maji ni robo tatu tu ya yai. Unga umepata gramu 225 hivi, na sukari gramu 60 nayo inayavuta maji hayohayo. Hamira inafanya kazi ikiwa na kiu. Ongeza mafuta ya viini na siagi gramu 250, donge linakuwa zito kuinuliwa. Na mayai yakitoka moja kwa moja kwenye friji, ndiyo kabisa.

Lakini ulaini unatoka hapohapo. Mafuta huzipaka nyuzi za gluteni zisishikane kwa ukali, na lesithini ya kiini husambaza siagi donge zima. Mkate unachambuka kwa nyuzi nyororo, na kesho yake bado unabonyea. Ute ni habari nyingine: ukizidi, hukaza na kuukausha mkate. Ndiyo maana napenda mayai 4, viini 3 na maziwa kidogo kufidia maji yaliyopungua.

Kanda kwanza unga na mayai mpaka kipande kivutike kama utando bila kukatika, kisha tia siagi kidogo kidogo. Ukiitanguliza siagi, gluteni haijengeki vizuri, na hapo hata ungoje mpaka jioni hutapata mkate wa maana.

Hamira ikizidi, donge hupanda haraka kweli, lakini mkate hunuka hamira na ndani unakuwa na matundu makubwa. Kuliweka juani ni kubaya zaidi, maana siagi huanza kuyeyuka karibu na nyuzi joto 30. Jiko la Dar es Salaam mchana wa Januari linafika hapo bila msaada wa mtu! Ukiona donge linang'aa mafuta, limeshapata joto kupita kiasi.

Mimi huliacha lianze kuumuka, kisha nalilaza kwenye friji usiku kucha. Asubuhi siagi imeganda na donge linafinyangika bila kunata. Uumukaji wa mwisho huweza kuchukua saa mbili hadi tatu. Saa isikuamulie, bonyeza kwa kidole. Shimo likirudi upesi, bado. Likirudi taratibu na kuacha alama, washa oveni, nyuzi 180. Mayai na sukari huwahi kubadilisha rangi, kwa hiyo juu pakishakuwa kahawia funika kwa karatasi ya foili, na usiutoe mkate mpaka katikati ifike nyuzi 88 hivi.