Jedwali la kuintegreti na mstari wa mwisho usioandikwa

"Mwalimu, nilifanya x³e^(2x) kwa jedwali, jibu likatoka sawa kabisa, lakini nikakatwa alama eti sijaonyesha hatua. Jedwali lina mistari mitano tu. Kwa nini tulazimishwe kujaza ukurasa mzima?"

Aliyeniuliza ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, mmoja wa wale ninaowafundisha jioni hapa Kisumu. Nilitazama karatasi yake. Jibu lilikuwa sahihi, na aliyesahihisha alikuwa na sababu yake pia. Ndiyo maana sikumjibu papo hapo. Kwanza nilimwomba alichore jedwali lenyewe upya ubaoni.

| Ishara | Difarenshieti | Integreti |
|---|---|---|
| + | x³ | e^(2x) |
| − | 3x² | e^(2x)/2 |
| + | 6x | e^(2x)/4 |
| − | 6 | e^(2x)/8 |
| + | 0 | e^(2x)/16 |

Polinomia inashuka upande mmoja hadi ifike sifuri, na eksponenshali inashuka upande wa pili ikigawanywa kwa 2 kila hatua. Kisha unazidisha kwa mshazari: x³ na kilicho mstari mmoja chini yake upande wa kulia, 3x² na kilicho chini yake, hivyo hivyo hadi mwisho, kila mara ukitanguliza ishara ya mstari ulioanzia. Linatoka hili:

∫x³e^(2x) dx = e^(2x)(x³/2 − 3x²/4 + 3x/4 − 3/8) + C

Wanaolitetea jedwali wana hoja nzito, nami niko nao kwa sehemu kubwa. Kanuni ya kuintegreti kwa sehemu, ∫u dv = uv − ∫v du, ingelazimika kutumika mara tatu kwa swali hili. Kila mara kuna alama ya kutoa inayofungua mabano, na ndani ya mabano hayo kuna alama nyingine ya kutoa. Nimesahihisha karatasi nyingi za aina hii, na makosa yake karibu yote si ya kutoelewa kuintegreti. Ni ishara iliyopotea pale mabano ya tatu yalipofunguliwa, au 3/4 iliyonakiliwa kama 3/2. Jedwali linaweka ishara kwenye safu yake peke yake, na hesabu inaenda hatua moja moja bila kunakili mstari mrefu mara tatu.

Hata hivyo kuna mahali ambapo ishara hukosewa hata kwenye jedwali, nako ni pale kipeo kinapokuwa hasi. Chukua x²e^(−x). Safu ya kulia inakuwa e^(−x), −e^(−x), e^(−x), −e^(−x). Ishara za jedwali zinabadilika, na za safu ya kulia zinabadilika pia, kwa hiyo zinapokutana kwenye mshazari kila zao linakuwa hasi: −e^(−x)(x² + 2x + 2). Mwanafunzi aliyezoea majibu yenye ishara za kupishana huona hasi tatu mfululizo, akadhani amekosea, akazipanga upya kwa mkono. Hapo ndipo jibu sahihi linapoharibika.

Upande wa pili wanasema jedwali linaficha kitu. Wanachosema ni kweli, na kinachofichwa ni kimoja: mstari wa mwisho.

Jedwali si njia tofauti na ile ya ukurasa mzima. Kila mshazari ni uv ya hatua moja. Ukisimama kwenye mstari wowote, kilichobaki hakizidishwi kwa mshazari. Kinazidishwa kwa kulala, kushoto na kulia ya mstari uleule, kisha zao hilo linaintegretiwa likiwa na ishara ya mstari huo. Hiyo ndiyo −∫v du iliyosalia. Kwenye swali la mwanafunzi wangu, mstari wa tano ni 0 mara e^(2x)/16, yaani integrali ya sifuri, na inaingia ndani ya C. Ndiyo sababu hakuna aliyeikosa. Polinomia ya digrii n ikidifarenshietiwa mara n + 1 inafika sifuri bila shaka yoyote, na e^(ax) inaintegretika milele mradi a si sifuri. Masharti hayo mawili yakitimia, jedwali haliwezi kuangusha mtu isipokuwa kwa kosa la mkono.

Tatizo ni kwamba anayejifunza kwa polinomia tu hajui kwamba mstari huo upo.

Nilimpa yule binti ∫(e^x/x) dx kutoka 1 hadi 2. Kwa macho inafanana na zile alizozoea: kipeo cha x mara eksponenshali, ila kipeo chenyewe ni −1. Akachora bila kusita. Kushoto 1/x, −1/x², 2/x³, −6/x⁴. Kulia e^x, e^x, e^x, e^x. Akaona haifiki sifuri, akashuka kidogo, kisha akasimama baada ya mishazari mitatu na kuandika e^x(1/x + 1/x² + 2/x³) + C. Hakuandika chochote kuhusu mstari wa nne, maana katika majedwali yake yote mstari wa mwisho haukuwahi kuandikwa.

Nikamwambia aweke mipaka. Kwenye 2, mabano yanatoa 1/2 + 1/4 + 1/4, yaani 1, kwa hiyo tunapata e², ambayo ni karibu 7.389. Kwenye 1, mabano yanatoa 4, na 4e ni karibu 10.873. Toa ya pili kwenye ya kwanza: −3.484. Lakini e^x/x ni chanya kote kati ya 1 na 2. Eneo lililo juu ya mhimili haliwezi kuwa hasi.

Hapo tukarudi kwenye kitu alichokibeba tangu Kidato cha Nne, kanuni ya trapeza. Kwa vipande viwili tu unahitaji thamani tatu: 2.718 kwenye 1, 2.988 kwenye 1.5, na 3.695 kwenye 2. Upana ni 0.5, na jumla inakuwa karibu 3.10. Thamani ya kweli ni karibu 3.06. Jibu la jedwali lilikuwa limepotoka hadi kuvuka sifuri.

Ukilidifarenshieti jibu lake unaona hasa kilichodondoka. Vipande vya katikati vinafutana, na kinachobaki ni e^x(1/x − 6/x⁴). Hiyo −6/x⁴ ndiyo mstari wa nne uliosahauliwa, ukiwa mahali pake. Angeandika + ∫6e^x/x⁴ dx mwishoni, angekuwa na mlinganyo wa kweli, ingawa haujamfikisha popote. Kuendelea kushuka hakusaidii, kwa sababu namba za juu zinakua kama 1, 1, 2, 6, 24, 120, na kwa x yoyote utakayoishika, mfululizo huo hatimaye unalipuka. Ila pale x inapokuwa kubwa, vipande vichache vya mwanzo vina faida: kwenye x = 10 kilichodondoka ni 0.0006 dhidi ya 0.1. Lakini hayo ni makadirio, na makadirio hayaandikwi kwa alama ya sawasawa na C.

Kuna kuvunjika kwa aina ya pili, na huku kunanigusa zaidi kwa sababu watu huliacha jedwali mapema mno. Ni pale kipeo cha e kinapokuwa x². Mwanafunzi anaandika x³ kushoto na e^(x²) kulia, anajaribu kushuka upande wa kulia, anakwama hatua ya kwanza. Hakuna fomula ya kawaida ya integrali ya e^(x²). Wengine hubuni e^(x²)/(2x), na hilo ni kosa ambalo ukilidifarenshieti linajifichua mara moja, kwani kile 2x cha chini nacho kinabadilika pamoja na x.

Lakini gawanya kwa namna nyingine. Weka x² kushoto, na xe^(x²) kulia. Sasa kulia kunaintegretika: e^(x²)/2. Kushoto kunakuwa 2x. Ukishuka hatua nyingine umekwama tena, na anayeamini kwamba ni lazima kushoto kufike sifuri ataliacha swali hapo. Anayeujua mstari wa kulala anasimama kwenye mstari wa pili na kuuzidisha: 2x mara e^(x²)/2 ni xe^(x²), ambayo ameshaiintegreti. Jibu ni x²e^(x²)/2 − e^(x²)/2 + C. Jedwali halikushindwa. Lilihitaji mtu asimame mahali panapofaa.

Punguza kipeo kimoja, uifanye x²e^(x²), na hali inageuka kabisa. Weka x kushoto na xe^(x²) kulia, unapata xe^(x²)/2 − ½∫e^(x²) dx, na mlango umefungwa. Kwamba umefungwa kweli, si kwamba hatujatafuta vya kutosha, tunaweza kujihakikishia. Joseph Liouville alithibitisha katika miaka ya 1830 kwamba integrali kama hii ikiwa na jibu la fomula za kawaida, lazima jibu hilo liwe R mara e^(x²), ambapo R ni polinomia au uwiano wa polinomia. Lidifarenshieti: tunahitaji R′ + 2xR = x². Uwiano wenye x chini hautufai, maana R′ ingekuwa na kipeo kikubwa zaidi cha chini kisicho na cha kukifuta. Inabaki polinomia, na ili 2xR iwe ya digrii ya pili, R ni ax + b. Vipande vya x² vinadai a iwe 1/2. Kipande kisicho na x kinadai a iwe 0. Haviwezi kuwa vyote viwili.

Kwa hiyo kuhusu zile alama, msimamo wangu ni huu. Jedwali likiwa limechorwa karatasini lenye safu zote, ishara zote na mstari wa mwisho ukiwa na alama yake ya integrali, hata kama ndani yake ni sifuri, hizo ndizo hatua zote na alama zote ni haki yake. Likiwa jibu tu pembeni mwa safu mbili zilizoishia hewani, aliyesahihisha hana namna ya kujua kama mwanafunzi huyu angesimama vivyo hivyo kwenye e^x/x. Karatasi ya yule binti ilikuwa ya aina ya pili. Nilimwonyesha mahali ambapo + ∫0 dx ingekaa, akaiandika mwenyewe kwa penseli.