Kadi ya mwenza: nani apewe, na kwa uhakika gani?

Mwanaume anayetokwa na usaha kwenye mrija wa mkojo na mwanamke anayetokwa na uchafu ukeni wanaweza kukaa benchi moja kliniki, wakahudumiwa kwa utaratibu uleule wa kutibu kwa kufuata dalili, na kila mmoja akaondoka na dawa pamoja na kadi ya kumpelekea mwenza wake ili naye aje kutibiwa. Kwenye karatasi wametendewa sawa. Kwangu mimi, hapo ndipo tatizo lilipo.

Kwa mwanaume, utaratibu huu unafanya kazi vizuri. Usaha ukionekana, chanzo mara nyingi ni kisonono, klamidia, au vyote viwili kwa pamoja. Anachomwa sindano ya seftriaksoni kwa ajili ya kisonono, anapewa dawa ya klamidia, na kazi inaisha siku hiyohiyo. Kumngoja arudi kuchukua majibu ya maabara ni kukubali kwamba wengine hawatarudi, na wataendelea kuambukiza. Mwenza wake huenda hajisikii chochote, kwa sababu wanawake wengi wenye klamidia hawana dalili, huku bakteria wakipanda taratibu hadi kwenye mirija ya uzazi. Kwake kadi ile huenda ikawa njia pekee ya kugundulika kabla hajapata ugumba au mimba ya kutunga nje ya kizazi.

Kwa mwanamke mambo ni tofauti. Uchafu ukeni mara nyingi hutokana na fangasi, trikomonasi, au kuvurugika kwa bakteria wa kawaida wa uke. Kisonono na klamidia hukaa kwenye mlango wa kizazi, na uchafu anaouona mwanamke ni kiashiria dhaifu sana cha kinachoendelea huko. Tuchukulie wanawake 100 wamekuja na dalili hiyo, na 10 kati yao wana kisonono au klamidia. Tukiwatibu wote kwa magonjwa hayo na kuwapa wote kadi, wanawake 90 watameza dawa wasizozihitaji, na nyumba 90 zitapokea taarifa ya ugonjwa wa zinaa ambao haupo. Wakati huohuo, wanawake wenye klamidia isiyo na dalili hawatafika kabisa kwenye benchi lile.

Wanaotetea kadi kwa wote wana hoja nzito. Wale 10 wasipotibiwa pamoja na wenza wao, wanaweza kuambukizwa upya, na madhara ya mirija kuziba hayarudi nyuma. Trikomonasi nayo huambukizwa kwa ngono, kwa hiyo mwenza anapaswa kutibiwa hata kama hana dalili. Na utafiti wa Australia uliochapishwa 2025 ulionyesha kwamba mwanaume akitibiwa pamoja na mwenza wake, ule uvurugikaji wa bakteria wa uke hurudi mara chache zaidi. Kwa hiyo si kweli kwamba mwenza hahusiki hadi kisonono kithibitike.

Lakini kadi haisomwi na mtaalamu. Hata ikiandikwa namba ya siri badala ya jina la ugonjwa, aliyeipokea anajua imetoka kliniki gani, na swali lake la kwanza ni: umeitoa wapi? Mwanamke anaweza kupigwa au kufukuzwa kwa sababu ya ugonjwa ambao haukuwahi kupimwa. Hata ugonjwa ukithibitishwa, klamidia hukaa mwilini miezi mingi kimyakimya, kwa hiyo kipimo hakisemi nani alianza. Sentensi hiyo inapaswa kusemwa kwa sauti kila kadi inapotolewa, pamoja na swali la faragha: ukimwambia, utakuwa salama? Akisema hapana, mhudumu ajitolee kumtafuta mwenza mwenyewe bila kumtaja aliyempeleka, au kadi isubiri.

Msimamo wangu ni kwamba nguvu ya kadi ifuate nguvu ya ushahidi. Usaha wa mwanaume unatosha. Kwa mwanamke, mhudumu aulize kwanza kama mwenza wake ana usaha au maumivu akikojoa, na amtazame kwa spekulamu, kifaa cha kupanua uke ili mlango wa kizazi uonekane: mlango wa kizazi ukitoa usaha, au ukivuja damu kirahisi unapoguswa, atibiwe kisonono na klamidia na mwenza aitwe. Bila dalili hizo, atibiwe kinachohusu uke, na aelezwe kwamba hali yake peke yake si ushahidi wa usaliti.

Vipimo vya molekuli, yaani vinavyotafuta vinasaba vya bakteria wenyewe, vipo sasa, na mashine ya GeneXpert hutoa majibu ya kisonono na klamidia kwa takriban dakika 90. Kila kipimo hutumia katriji yake, na kliniki yenye katriji chache isizitumie kuthibitisha usaha ambao tayari unaonekana kwa macho. Sampuli za wanaume wenye usaha zingefaa zaidi kuoteshwa maabara ili kufuatilia usugu wa dawa, na katriji ziende kwa wanawake.