Picha ile ile, majibu mawili: chatboti ya Telegram na ile ya kwenye tovuti

"Hivi mbona nikiituma picha kule Telegram inasoma vibaya lakini picha hiyo hiyo nikiiaplodi kwenye tovuti yao inasoma vizuri, kwani si kitu kimoja hichi au sisi wa Telegram tunapewa kibovu?"

Nnavyoona mie, wengi wanakimbilia kusema ya Telegram haina akili, na wengine wanasema hakuna tofauti yoyote, tatizo ni picha zetu. Pande zote mbili zina kitu, ila zote zinaruka jambo moja, nalo ni njia ambayo picha inapita kabla haijafika kwenye macho ya hiyo chatboti.

Simu ya kawaida siku hizi inapiga picha ya pikseli 3000 kwa 4000 hivi, uzito kama megabaiti tatu nne. Ukiituma Telegram kama picha ya kawaida, app yenyewe inaipunguza mpaka upande mrefu unabaki pikseli 1280 na inaibana tena, ndo maana inaondoka upesi hata ukiwa na mtandao wa kubabaisha. Sasa chukua ukurasa wa daftari saizi ya A4 ulioandikwa kwa mkono, tarakimu zina urefu wa milimita 3. Kwenye picha ya asili kila tarakimu ina pikseli 40 kwenda juu. Ikishapunguzwa inabaki na 13 tu. Kwa pikseli 13 za mwandiko wa haraka wa peni, 3 na 8 zinaanza kufanana, 1 na 7 ndo usiseme, na nukta ya desimali inaweza kupotea kabisa.

Kwa hiyo tovuti imeshinda? Hapana, ngoja kwanza, kwa sababu na huko picha inapunguzwa, ila huioni ikipunguzwa. Maelekezo ya OpenAI kwa waprogramu wanaotumia modeli yao ya GPT-4o yalieleza wazi kuwa picha inaingizwa kwanza ndani ya mraba wa 2048 kisha upande mfupi unashushwa mpaka 768. Piga hesabu, picha yetu ya 3000 kwa 4000 inakuwa 768 kwa 1024, yaani ndogo kuliko hata ile ya Telegram! Kila modeli ina mpaka wake na nyengine zinapokea kubwa zaidi, lakini mtu asidhani kwamba akiaplodi megabaiti nne basi zote nne zinasomwa.

Sasa utajuaje kosa limetokea wapi? Hapa ndo penye kazi. Nilichukua ukurasa wa daftari la mapokezi ya karafuu kavu, la mtu wa Wete, mistari mitano: kilo 38.5, 17, 42, 26.5 na 51, jumla chini imeandikwa 175. Nikaituma kama picha Telegram, ikanirudishia 33.5, 11, 42, 26.5, 51, na jumla 175. Hebu tazama hapo. Ukijumlisha ulichoandikiwa unapata 164, pungufu kilo 11, lakini jibu linaonekana limekamilika kwa sababu ile 175 haikujumlishwa, imenakiliwa kutoka chini ya ukurasa. Haikusema "sioni vizuri" mahali popote. Mtu mwenye haraka anaangalia jumla, anaona ni sawa na ya daftari, anapita. Kwa hiyo ukiipa hesabu ikusomee, jumlisha mwenyewe kwa kalkuleta mistari iliyokuandikia, usiamini jumla yake.

Kwenye tovuti, picha ya asili na swali lile lile, ikasoma yote sawa. Wengi wanaishia hapa na kutoa hukumu, lakini jaribio halijakamilika, maana umebadilisha vitu viwili kwa pamoja, ukubwa wa picha na chatboti yenyewe. Ingia kwenye chati yako ya Telegram, ile picha uliyotuma ihifadhi kwenye galari kama ilivyobanwa, halafu hiyo iliyobanwa ndo uiaplodi kwenye tovuti, katika mazungumzo mapya kabisa ili isikumbuke majibu ya mwanzo. Ikikosea vile vile basi mkosa ni ubanaji. Ikisoma sawa basi tatizo liko upande wa chatboti ya Telegram. Mie ilitoka nusu kwa nusu, 17 ikasomwa 17 lakini 38.5 ikabaki 33.5. Rudia jaribio, maana majibu ya hivi vitu hayatoki sawa kila mara.

Ile 17 iliyosomwa 11 Telegram peke yake inaweza kuwa na sababu nyingi, modeli ndogo zaidi mojawapo, ila kuna moja ambayo wanaotengeneza wanaijua. Telegram haimpi mtengenezaji picha moja, inampa orodha ya saizi kadhaa za picha ile ile, ndogo mwanzo na kubwa mwisho.

```
message.photo[0]   # ndogo kabisa
message.photo[-1]  # kubwa kabisa
```

Aliyechukua ya kati ili aokoe gharama, au aliyekosea akachukua ya kwanza, chatboti yake inatazama kijipicha, na wewe unayetuma huna pa kuliona hilo.

Njia ya kukwepa ubanaji ni kubonyeza alama ya kibanio ukatuma picha kama faili. Inakwenda kama ilivyo. Lakini faili linafika kwa mlango mwengine, `document` badala ya `photo`, na kama mtengenezaji hakuuandalia mlango huo chatboti itanyamaza au itakwambia hujatuma picha. Ndivyo ilivyonijibu hiyo. Albamu nayo ina mtego wake, ukituma kurasa nne kwa pamoja na swali chini, kila ukurasa unafika kama ujumbe wake na swali linabaki kwenye mmoja tu, wakati kwenye tovuti zote zinakwenda pamoja na swali lako. Telegram tuma mmoja mmoja, kila mmoja na maneno yake.

Na bado siwezi kuwaambia watu waache Telegram. Ukiwa Micheweni na mtandao unakuja na kwenda, kusukuma megabaiti nne kwenye brauza ni mateso, ikikatika katikati unaanza upya na bando limeshaliwa, wakati picha iliyobanwa ni kilobaiti mia na kitu hadi mia tatu. Kwa kuuliza huyu samaki gani au jani hili lina ugonjwa gani, pikseli 1280 zinatosha kabisa. Na hata kwa daftari, badala ya kupiga ukurasa mzima piga robo ya ukurasa kwa karibu, hapo zile pikseli 13 za kila tarakimu zinakuwa 26 hata baada ya kubanwa, na dawa hii inasaidia kote kuwili. Nilipoipiga mistari ile mitano peke yake, Telegram ikasoma 38.5 bila shida. Skrini shoti ndefu nayo ni hivyo hivyo, ya 1080 kwa 7000 ikibanwa upana wake unabaki pikseli 197, hapo hakuna wa kusoma, ikate vipande.

Kuna na jambo moja ambalo Telegram ya kawaida imeipita tovuti kabisa. Ikibana picha inaondoa na taarifa zilizojificha ndani yake, ikiwemo sehemu ulipopigia kama GPS ya kamera imewashwa. Ukituma kama faili au ukiaplodi picha ya asili, taarifa hizo zinaweza kwenda nayo. Kwa hiyo kama umepiga daftari nyumbani na unataka kupita tovuti, zima lokesheni kwenye mipangilio ya kamera kabla hujapiga.