Picha ya samaki hukataa vizuri, hukubali vibaya

"Muuzaji wa soko la samaki la Feri amenitumia picha ya changu, kilo moja na nusu hivi. Jicho lina ukungu kidogo lakini matamvua mekundu. Nimtumie hela au niache?"

Usitume hela bado, ila usimkatae pia. Mwombe akugeuzie huyo changu na apige picha ya jicho la upande wa pili.

Samaki akilazwa kwenye barafu, jicho la chini hugusana na vipande vya barafu na maji yanayoyeyuka, likafifia na kupata ukungu hata kama kavuliwa jana usiku. La juu, lililokaa hewani, hubaki angavu. Kwa hiyo ukungu wa jicho moja ni alama ya barafu, na samaki aliyekaa kwenye barafu ndiye unayemtaka. Ukungu wa macho yote mawili, tena macho yenyewe yakiwa yamebonyea, ni alama ya umri.

Wanunuzi wamegawanyika kuhusu hizi picha. Wapo wanaonunua kwa picha kila wiki bila kufika sokoni, na wanasema mtu mwenye uzoefu hahitaji kumshika samaki. Wapo wanaocheka wakisikia hivyo: samaki hunuswa, hubonyezwa, hafai kupigwa picha kama bibi harusi. Kila upande una hoja, na tofauti yao inakuwa ndogo ukiuliza picha inatumika kufanya nini. Kumkataa samaki mbovu, picha inatosha mara nyingi. Kuthibitisha kuwa samaki ni mzuri, haitoshi, kwa sababu alama zinazothibitisha uzuri ndizo hizo hizo zinazoigizwa na maji, mwanga na simu.

Turudi kwenye jicho, maana ndilo linalosemwa sana na kusomwa vibaya sana. Jicho la samaki mbichi limetokeza nje, ngozi yake ya juu ni angavu kama kioo na mboni ni nyeusi tititi. Likizeeka huwa bapa, halafu hubonyea katikati, mboni ikawa kijivu na juu yake pakaonekana kama tone la maziwa. Shida ni kwamba picha iliyopigwa kutoka juu moja kwa moja haionyeshi kama jicho limetokeza au limebonyea. Vyote viwili huonekana duara tu. Kuna njia mbili za kuvuka hapo. Ya kwanza, omba picha iliyopigwa simu ikiwa chini, usawa wa kichwa, ili uone umbo la jicho kwa ubavu. Ya pili, tazama kimeta cha mwanga ndani ya jicho. Juu ya jicho lililotokeza, kimeta ni kidoa kidogo chenye ukingo mkali. Juu ya jicho bapa au lenye ukungu, kimeta hutapakaa kama baka jeupe lisilo na mpaka. Hiyo huonekana hata kwenye picha iliyobanwa na WhatsApp.

Hata hivyo, kutokeza kwenyewe si cheti. Chewa au changu aliyevutwa kwa mshipi kutoka maji marefu hutoka macho kwa sababu hewa ya ndani ya mwili wake hupanuka akipandishwa juu. Macho ya namna hiyo hutokeza mno, na anaweza kubaki nayo hivyo akiwa amekaa juani asubuhi nzima. Na samaki aliyegandishwa kisha akayeyushwa mara nyingi huwa na jicho jeupe na bapa hata kama aligandishwa akiwa safi kabisa. Huyo usimhukumu kwa jicho. Uliza tu kama unalipa bei ya samaki wa leo.

Matamvua yanasema zaidi, lakini ndiyo rahisi kuchezewa. Wekundu wake ni wa damu. Damu ikikaa na hewa hubadilika kuwa kahawia, na bakteria wakiongezeka, ute uliokuwa angavu huwa mzito, wa kijivu au wa manjano, ukagandisha nyuzi za matamvua pamoja. Basi kwenye picha tazama nyuzi kabla ya rangi. Nyuzi zilizoachana moja moja kama meno ya kitana ni dalili nzuri. Nyuzi zilizoshikana kama nywele zilizopakwa uji ni dalili mbaya, na rangi yoyote ile haiziokoi.

Rangi ina mitego miwili, na mmoja unamwonea muuzaji mwaminifu. Matamvua yaliyopauka, ya waridi hafifu, si lazima yawe mabovu: maji ya barafu yakipita humo kwa siku moja au mbili huosha damu. Kahawia na kijivu ndizo rangi za kukimbia. Mtego wa pili ni turubai. Samaki aliyepigwa picha chini ya turubai au mwavuli mwekundu atakuwa na matamvua mekundu hata kama ni ya juzi. Chini ya turubai la bluu, matamvua mazuri yatageuka kama ini. Dawa yake ni karatasi nyeupe iwekwe kando ya kichwa. Karatasi ikitoka na rangi ya waridi au bluu, picha nzima ina rangi hiyo, na hukumu ya matamvua isubiri. Wengine huweka Msimbazi, ile noti ya elfu kumi, kwa kuwa wekundu wake wanaujua kwa moyo. Inasaidia, ila karatasi ni bora, tena unaweza kumwomba aandike juu yake tarehe na saa, ukajua kwamba picha si ya Jumanne iliyopita.

Wekundu wa kupakwa nao una tabia yake. Damu ya samaki imo ndani ya nyuzi. Mifupa myeupe inayozishikilia na ngozi ya ndani ya kifuniko cha shavu hubaki hafifu. Ukiona vyote vimekuwa vyekundu sawasawa, na wekundu umechuruzika kwenye barafu, achana naye.

Ngozi ndiyo ninayoiamini kidogo kuliko vyote kwenye picha. Ng'aro ya samaki mbichi inatokana na ute mwembamba ulio angavu, lakini kikombe kimoja cha maji kikimwagwa sekunde kumi kabla ya kupiga picha hutoa ng'aro ile ile, na simu yenyewe huongeza mwanga na kukoza rangi bila kuombwa. Kwa hiyo usitafute ng'aro. Tafuta vitu ambavyo maji hayaondoi: ute mweupe au wa manjano uliojificha kwenye mashina ya mapezi, mikunjo ya ngozi nyuma ya kichwa, tumbo lililolegea na kuchanika, au baka la kahawia kuzunguka tundu la haja. Magamba kuchomoka peke yake hakusemi kitu, nyavu hufanya hivyo. Tumbo lililopasuka nalo lina udhuru kwa samaki wadogo wenye mafuta kama vibua, ambao vimeng'enya vinavyosaga chakula tumboni vinaweza kuyeyusha kuta za tumbo ndani ya saa chache. Kwa changu udhuru huo ni mgumu kuukubali.

Sasa tuseme jicho la pili limekuja safi, nyuzi zimeachana, karatasi ni nyeupe kweli. Wanaopinga picha hapo ndipo wana hoja nzito kuliko zote: picha ni ya saa ile, samaki anafika saa nyingine. Kuna kanuni ya kukadiria inayotumiwa na wataalamu wa samaki. Chukua joto la samaki kwa selsiasi, ligawe kwa kumi, jumlisha moja, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Unachopata ni mara ngapi anaharibika kwa kasi kuliko akiwa kwenye barafu ya nyuzi 0. Kwa nyuzi 10 ni mara 4. Kwa nyuzi 28, ambalo ni joto la kawaida la Dar, ni 3.8 mara 3.8, yaani mara 14 na kidogo.

Changu wetu ameshushwa saa 11 alfajiri na kupigwa picha saa 12. Akikaa mezani bila barafu hadi saa 2, hizo saa tatu ni sawa na saa 43 za barafu, karibu siku mbili. Bodaboda akimbeba kwenye mfuko mtupu akakufikia saa 5 asubuhi, ni siku nyingine karibu mbili. Umepewa picha ya samaki wa leo, umepokea mwili wa samaki wa siku nne. Angewekwa kwenye boksi na barafu ya uzito sawa na wake tangu saa 11, changu yule yule angefika akiwa hajapoteza hata nusu siku. Hakuna aliyedanganya, na picha ilikuwa ya kweli. Ndiyo maana swali la "barafu aliwekwa saa ngapi?" lina thamani kuliko picha ya nne.

Wakaguzi wenyewe hawategemei macho peke yake. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2406 ya mwaka 1996, inayopanga samaki katika madaraja ya Extra, A na B, inaangalia ngozi, ute, jicho na matamvua, lakini inahesabu pia harufu ya matamvua na ugumu wa nyama. Ugumu unaweza kuuona kidogo kwa video fupi: abonyeze mgongo kwa kidole, aachie, uone kama shimo linajaa mara moja. Harufu haipigiki picha.

Kwa jodari, nguru na vibua mimi huwa upande wa wanaokataa picha moja kwa moja, kama sijui historia ya barafu. Nyama yao ikikaa kwenye joto, bakteria hutengeneza histamini, ambayo haibadilishi jicho wala ngozi na haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga. Mtu anakula samaki anayeonekana vizuri, na ndani ya dakika au saa chache uso unawaka, kichwa kinagonga, mwili unawasha. Changu hana tabia hiyo kwa kiwango hicho, ndiyo maana swali lako lina jibu rahisi kuliko lingekuwa la jodari.

Picha zako usizifute ukishalipa. Mzigo ukifika, linganisha: doa la ubavuni, pezi lililochanika, sehemu magamba yalipotoka. Kama havilingani, huyo si changu uliyemnunua, na hapo huna haja ya kubishana kuhusu macho. Kama ni yeye, inua shavu unuse kabla bodaboda hajaondoka.