Karatasi Nyeupe Kando ya Sampuli ya Rangi

Wifi yangu anayeishi Tudor, Mombasa, alinitumia picha za sampuli za rangi alizopakiwa na fundi kwenye ukuta wa sebule, akataka nimwambie ipi inafaa. Katika picha ya adhuhuri, sampuli ya kwanza ilionekana kijivu kilichopoa. Katika picha ya usiku, sampuli hiyohiyo ilikuwa krimu iliyokolea, karibu na rangi ya siagi. Aliniuliza picha ipi inasema kweli. Kwa maoni yangu hakuna, na mwenye kuchagua rangi kwa kutafuta picha moja ya kuaminika atakuwa anachagua mwanga badala ya rangi.

Tuanze na mwanga wenyewe. Mombasa iko takriban nyuzi 4 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo saa sita mchana jua huwa juu sana na kwa kawaida miale yake haiingii mbali kupitia dirishani. Kinachoingia sebuleni wakati huo hasa ni mwanga wa anga, ambao una ubuluu, pamoja na ule unaorudishwa na vitu vya nje. Ukuta wa jirani uliopakwa chokaa hauleti mwanga sawa na mwembe uliofunika dirisha, kwani mwembe hutia ukijani. Usiku, balbu ya njano ya kelvini 2700 humwaga mwanga wenye wekundu mwingi na ubuluu mchache. Juu ya hayo yote, kamera ya simu hujaribu kusawazisha weupe na ung'avu kwa kukisia, na hukisia upya kila picha. Ukuta wa krimu ukijaza picha nzima, kamera inaweza kuudhania kuwa ni ukuta mweupe ulioangaziwa na taa ya njano, ikaufuta ule umanjano ambao ndio tuliotaka kuuona.

Ndiyo maana nilimwomba wifi apige picha upya, safari hii akibandika karatasi nyeupe ya kuchapia kando ya sampuli, ikiwa imelala bapa ukutani na isipigwe na kivuli chake. Programu nyingi za kuhariri picha hukuwezesha kugusa mahali na kusoma namba tatu, za nyekundu, kijani na buluu, kila moja kati ya 0 na 255. Katika picha ya usiku karatasi ilisoma 240, 220 na 180, na sampuli 216, 187 na 135. Katika ile ya adhuhuri karatasi ilikuwa 200, 210 na 220, na sampuli 180, 178 na 165. Ukizitazama namba za sampuli peke yake utaapa kwamba fundi alibadilisha kopo. Lakini gawanya kila namba ya sampuli kwa namba ya karatasi iliyo kwenye picha ileile: mara zote mbili utapata takriban asilimia 90, 85 na 75. Rangi ni moja, nayo ni krimu hafifu inayoelekea umanjano, wala kijivu hakimo ndani yake.

Hesabu hii ni ya makadirio, na ina mahali inapovunjika. Karatasi ikisoma 255 katika namba yoyote, mwanga umezidi kipimo cha kamera na uwiano wake haufai tena. Picha hiyo irudiwe ikiwa na giza kidogo. Ikiwa dirisha liko upande mmoja na taa imewashwa upande mwingine, karatasi husema habari za pale ilipobandikwa tu, na sampuli iliyo mbali nayo imeangaziwa vingine. Karatasi nyingi pia hutiwa kemikali inayozifanya zing'ae kibuluu mchana, kwa hiyo itumike karatasi ileile katika picha zote, na tofauti ndogo ya asilimia mbili tatu isimkoseshe mtu usingizi.

Sampuli mbili zilizo jirani ndani ya picha moja hulinganishwa kwa uhakika zaidi kuliko sampuli moja katika picha mbili, na hapo hata hesabu si lazima. Hata hivyo, rangi mbili zinazofanana kabisa chini ya jua zinaweza kuachana chini ya balbu ya LED, kwa sababu balbu hiyo haitoi mawimbi yote ya mwanga kwa kiasi kilekile. Tofauti ya namna hiyo karatasi haiwezi kuisahihisha. Kwa kuwa familia ya wifi hukaa sebuleni zaidi baada ya Magharibi, nimemshauri anunue kwanza balbu atakazozitumia, kisha azitazame sampuli zote chini ya balbu hizo, mikono miwili ya rangi ikiwa imeshakauka.