Amoksi haina cha kushika kwenye mafua

"Kaka, nipe amoksi sita na panadoli nne." Wakati nasaidia kwenye duka la dawa la ndugu yangu, nilizoea maneno hayo hadi mkono ukawa unafika kwenye kopo kabla mteja hajamaliza kusema. Ukimuuliza anaumwa nini, atakwambia mafua, mwili unauma, homa tangu juzi. Nami nilikuwa nauza. Tulikosea, na kosa lenyewe halieleweki mpaka ujue amoksilini inafanya nini ikishaingia mwilini.

Bakteria ni kiumbe hai kamili chenye seli moja. Anakula, anakua, anajigawa wawili. Nje amezungukwa na ukuta mgumu unaomzuia asipasuke kwa msukumo wa maji yaliyomo ndani yake. Kila anapokua hulazimika kuufungua ukuta huo kidogo na kuuziba upya. Amoksilini hunasa kwenye vimeng'enya vinavyofanya kazi ya kuziba. Bakteria anaendelea kukua, ukuta unadhoofika, maji yanaingia, anapasuka. Seli zetu sisi hazina ukuta wa aina hiyo, ndiyo maana dawa inamuua yeye na kutuacha.

Kirusi cha mafua makali ni kitu kingine kabisa. Ukiweka kama kumi kwa mstari ndipo utafikia urefu wa bakteria mmoja wa kawaida. Hakina ukuta. Ni vipande vinane vya maelekezo ya urithi, vimefungwa ndani ya utando wa mafuta uliochukuliwa kwenye seli ya mgonjwa. Hakili wala hakikui. Kinajishikiza kwenye seli ya pua au koo, kinaingia, na seli yako mwenyewe inaanza kutengeneza nakala zake. Sasa amoksi itashika nini hapo? Hata doksi, ambayo haigusi ukuta bali inazuia bakteria kutengeneza protini, haina pa kuingilia, kwa sababu kirusi hakina kiwanda chake. Kinatumia cha kwako. Zipo dawa za virusi vya mafua makali, lakini ni za aina nyingine, na hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze.

"Mbona mimi nikimeza napona?" Swali hili nimeulizwa sana, na ni swali la haki. Hesabu siku. Jumatatu jioni mwili unavunjika, homa inapanda. Jumanne umelala. Jumatano umechoka kuumwa, unanunua amoksi sita. Ijumaa homa imeshuka. Lakini virusi huwa vingi zaidi siku mbili tatu za mwanzo, kisha kinga ya mwili huanza kuvishinda. Yaani ulimeza dawa wakati mwili wako umeshakaribia kumaliza kazi, na sifa ikaenda kwa kidonge. Kilichopata shida ni bakteria wa tumboni mwako, wengi wao wasio na hatia, na ndiyo maana wengine huanza kuharisha. Wale sugu wanabaki na nafasi tele ya kuzaliana, na hilo ndilo linaloniuma.

Makamasi ya kijani nayo yametudanganya sana. Rangi ile hutoka kwenye kimeng'enya kilichomo ndani ya chembe nyeupe za damu zilizokuja kupigana. Mafua ya virusi matupu yanaweza kuileta, kwa hiyo rangi peke yake si sababu ya kununua amoksi.

Lakini kuna wakati bakteria huingia kweli. Virusi vikishachubua njia ya hewa, bakteria waliokuwa wametulia kooni hupata upenyo wa kushuka mapafuni. Mtoto wa jirani yetu, wa miaka miwili, aliugua mafua siku nne, akapata nafuu, akacheza siku mbili. Siku ya saba homa ikarudi juu. Mama yake alikuja kutaka amoksi kama kawaida. Nilimwomba amlaze mtoto ametulia, tukamfunua kifua na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima kwa saa ya simu. Zilikuwa 54. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, pumzi 40 au zaidi kwa dakika zinatosha kuhofia nimonia. Aliye chini ya mwaka, baada ya miezi miwili ya kwanza, ni 50.

"Dada, huyu apelekwe kituo cha afya sasa hivi," nilimwambia.

Jioni walirudi na karatasi ya dawa. Ilikuwa amoksilini ya vidonge vya kuyeyusha kwenye maji, asubuhi na jioni, siku tano, kwa kipimo cha uzito wake. Safari hii ilikuwa na ukuta wa kubomoa.